Daftari la kupokezana zamu: simulizi, jedwali au fomu ya SBAR?

Jioni moja nilipokea zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya. Tulikuwa wauguzi wawili na akina mama 26. Dada niliyempokea alikuwa amesimama tangu mchana, basi lake lilikuwa linakaribia kuondoka, na kaunta buku ilikuwa imejaa mwandiko wa haraka. Kuhusu kitanda namba 7 aliandika hivi (nimebadilisha umri na mambo machache ili mama yule asitambulike):

> Kitanda 7. Miaka 22, mimba ya kwanza, kaja na kifafa cha mimba. Kapewa magnesiamu dozi ya kwanza 8:20, kajifungua salama 11:05, mtoto wa kike kilo 2.4. Dozi ya pili 12:20. Presha imeshuka. Mkojo 200. Damu kidogo. Daktari ameambiwa. Anaendelea vizuri, aendelee na matibabu.

Ukiisoma haraka ni ripoti nzuri. Ina namba, ina saa, na inaeleweka. Nami nilielewa, ila nilielewa vibaya. Nilisoma 8:20 kuwa ya asubuhi na 12:20 kuwa ya adhuhuri, kwa sababu chati za daktari huandikwa kwa saa za namna hiyo. Dozi ya kuendelea ya magnesiamu salfeti ni gramu 5 kwenye msuli wa kalio kila baada ya saa nne. Kwa hesabu yangu, ya tatu ilipaswa kutolewa saa kumi na dakika ishirini jioni, na sasa ilikuwa karibu saa mbili usiku. Nikasema moyoni kwamba dozi imerukwa. Nikavuta dawa.

Kilichonizuia ni vile vipimo vitatu ambavyo kila muuguzi wa wazazi hufundishwa kuvifanya kabla ya kuirudia dawa hii. Pumzi ziwe angalau 16 kwa dakika, mguu uruke ukigonga goti, na mkojo wa saa nne zilizopita uwe umefika angalau mililita 30 kwa kila saa. Pumzi zilikuwa 18. Goti liliitikia, ingawa kwa uvivu. Mfuko wa mkojo ulikuwa na mililita 200. Nikagawanya kwa muda niliodhani umepita tangu 12:20 ya adhuhuri, saa saba na nusu, nikapata chini ya 30. Nikaweka sindano chini, nikamkimbilia dada kabla hajatoka getini.

"Sista, huyu wa saba dozi yake ya saa kumi jioni mbona haijaandikwa?"

"Saa kumi ipi tena, dada? Nimempa saa kumi na mbili na dakika ishirini, kabla hujaja. Aliletwa saa nane mchana."

Dozi ilikuwa imetolewa saa moja na nusu tu iliyopita. Yeye aliandika saa kama tunavyozitaja, mimi nikazisoma kama zinavyoonekana kwenye simu. Lililonitisha zaidi ni kwamba namna zote mbili za kusoma zilikubaliana na akili: kati ya 8:20 na 12:20 kuna saa nne kamili kwa hesabu yoyote ile, na kujifungua kwa 11:05 kunaingia katikati bila kugongana na kitu. Hakuna alama yoyote katika maandishi yale ambayo ingenishtua. Magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo, na ikizidi hupoteza kwanza mwitiko wa goti, kisha husimamisha pumzi.

Tangu hapo nimefanya kazi na mitindo mitatu ya kuandika makabidhiano, na nimekuwa nikiulizwa na wenzangu wanaoanza kusimamia wodi wachague upi. Nitamweka mama yuleyule katika mitindo yote mitatu, ili uone kila mmoja unabeba nini na unaangusha nini.

Simulizi kwenye kaunta buku

Huu ndio mtindo wa kwanza, na umeshauona hapo juu. Nguvu yake ni kwamba unashika mfuatano: kilitangulia nini, kikafuata nini, mama alikuwaje kabla na baada. Kama kumetokea jambo lisilo la kawaida, mfano mgonjwa ameanguka, ndugu wamekataa upasuaji, au damu imeletwa ya kundi lisilolingana ikarudishwa, hakuna kisanduku cha fomu kitakachotosha. Linahitaji kusimuliwa.

Udhaifu wake ni kwamba mwandishi ndiye anayeamua nini kiingie, na mtu aliyechoka huandika alichokifanya. Angalia tena ripoti ya kitanda 7. Kila sentensi inaelezea yaliyopita. Sentensi pekee inayoelekea mbele ni "aendelee na matibabu", nayo haisemi matibabu gani, saa ngapi. Mimi niliyekuwa naanza zamu nilihitaji kujua kinachodaiwa usiku ule, nikaachiwa nikokotoe mwenyewe. Na nikakokotoa vibaya.

Jedwali la wodi nzima

Mtindo wa pili ni karatasi moja au kurasa mbili zinazotazamana, mstari mmoja kwa kila mgonjwa. Wodi nyingine hupiga mistari kwa rula kwenye kaunta buku ileile, na inatosha kabisa. Hivi ndivyo kitanda 7 na majirani zake wangeonekana:

| Kitanda, jina na faili | Tatizo | Kinachodaiwa na saa yake | Mirija | Kinachosubiriwa |
|---|---|---|---|---|
| 7 | Kifafa cha mimba, kajifungua 17:05 | Magnesiamu 22:20, kalio la kulia, baada ya vipimo vitatu | Kanyula mkono wa kushoto, mpira wa mkojo | Majibu ya figo na chembe sahani, damu ilichukuliwa 15:00 |
| 8 | Upasuaji wa uzazi, siku ya 2 | Presha na joto 22:00 na 06:00 | Hakuna | Hakuna |
| 9 | Upungufu wa damu | Uniti ya pili ya damu ikifika | Kanyula mkono wa kulia | Damu imeombwa 18:40, maabara wamepokea |

(Safu ya kwanza hapa nimeacha namba peke yake. Kwenye daftari halisi weka majina mawili na namba ya faili, maana usiku vitanda hubadilishwa, na anayelala kitanda 7 saa sita siye lazima aliyelala hapo saa moja.)

Faida ya jedwali ni kwamba kisanduku kitupu kinaonekana. Kwenye simulizi, kitu kilichosahauliwa hakiachi pengo, karatasi imejaa maneno tu. Kwenye jedwali, safu ya "kinachodaiwa" ikiwa wazi, anayepokea anauliza palepale. Ndiyo maana nasisitiza neno "hakuna" liandikwe. Kistari au nafasi tupu haisemi kama hakuna kitu au kama mwandishi hakufika hapo.

Faida nyingine ni kwamba ukishuka na kidole kwenye safu ya tatu unapata ratiba ya usiku mzima. Nikiwa na wagonjwa 26 na mwenzangu mmoja, hilo lina thamani kuliko maelezo marefu.

Lakini jedwali haliwezi kueleza mgonjwa anayebadilika. Mstari wa kitanda 7 unanipa saa sahihi ya dozi, na ungeniepusha na kosa langu. Hauniambii kwamba mkojo umeanza kupungua. Na umepungua kweli, kama nitakavyoonyesha.

Fomu ya SBAR

SBAR ni vipengele vinne: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini, na mapendekezo. Mpangilio huu asili yake ni nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani. Hospitalini uliingizwa na watu wa shirika la afya la Kaiser Permanente kule Colorado, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likautaja miongoni mwa njia za kuboresha makabidhiano ya wagonjwa. Kumbuka lengo lake la mwanzo: mtu mmoja kumweleza mwenzake tatizo moja, upesi, na kusema anataka nini kifanyike.

Kitanda 7, saa 19:30:

> Hali sasa. Magnesiamu inaendelea. Presha 150/100 saa 19:00. Pumzi 18, goti linaitikia kwa uvivu. Mkojo tangu 14:20 hadi 18:20 ml 180. Tangu 18:20 hadi 19:30 ml 20.
> Historia. Miaka 22, mimba ya kwanza, wiki 36. Degedege mara mbili nyumbani, la mwisho 13:10. Dozi ya kuanzia imekamilika 14:20. Kajifungua 17:05. Dozi ya kuendelea 18:20, kalio la kushoto.
> Tathmini. Hajapata degedege tangu afike. Mkojo umepungua baada ya 18:20. Pedi moja imelowa nusu tangu 17:30, mfuko wa uzazi mgumu.
> Mapendekezo. Mkojo upimwe kila saa. Dozi ya 22:20 isitolewe kama mkojo tangu 18:20 haujafika ml 120. Daktari wa zamu aitwe. Kalsiamu glukoneti iko droo ya juu ya toroli. Tiba iendelee hadi kesho 17:05.

Linganisha na "Mkojo 200". Mililita ni zilezile, 180 na 20. Zikijumlishwa zinaonekana za mtu mwenye figo zinazofanya kazi, kwa sababu kutoka 14:20 hadi 19:30 ni wastani wa karibu 39 kwa saa. Zikitenganishwa zinaonyesha kwamba saa nne za kwanza zilikuwa 45 kwa saa, na saa moja na dakika kumi zilizofuata zimetoa 20 tu. Yule dada alikuwa ameupima mfuko saa 18:20 kabla ya kutoa dozi, akaona 180, akaridhika kwa haki kabisa. Hakuumwaga, wala hakuweka alama. Kiasi cha mkojo bila saa kilipoanzia na saa kilipoishia hakina maana. Ama mfuko umwagwe kila mnapopokezana na kiasi kiandikwe, ama kibandikwe kipande cha plasta kwenye usawa wa mkojo kikiwa na saa.

Hiyo ndiyo nguvu ya fomu hii. Kipengele cha tathmini kinamlazimisha anayeondoka aseme anafikiri nini, na cha mapendekezo kinamlazimisha aweke mpaka: ukiona hiki, fanya kile. Mapendekezo hayo si maoni ya kupamba karatasi. Namba 120 pale imetoka kwenye 30 mara saa nne, na anayepokea haachiwi kuipiga hesabu saa nne usiku akiwa na mama mwingine anayesukuma mtoto kwenye kitanda cha jirani.

Tatizo ni wingi. Fomu moja kama hiyo, ikiandikwa vizuri, hunichukua dakika nne au tano. Kwa wagonjwa 26 ni karibu saa mbili. Wodi zilizojaribu kuifanya kwa kila kitanda, nilizoziona mimi, zimeishia kunakili ya jana: mama wa upasuaji wa siku ya tatu anaandikiwa tathmini ileile aliyoandikiwa siku ya kwanza. Hapo fomu ni mbaya kuliko simulizi, kwa sababu inaonekana imejazwa.

Maneno yanayopotosha, popote utakapoandika

Mtindo wowote utakaouchagua, lugha yetu ina mitego yake, na mkubwa kuliko yote ni saa. "Dozi saa 4" kwa mwandiko wa haraka inaweza kusomwa kwa namna tatu: kila baada ya saa nne, saa nne usiku, au saa kumi alfajiri kwa anayesoma kama simu. Ninachopendekeza ni tarakimu nne za mtindo wa saa 24, kuanzia 00:00 hadi 23:59, kwenye kila maandishi, na tarehe iandikwe upya usiku wa manane unapopita. Ukisoma kwa sauti, taja kama tunavyozungumza: "ishirini na mbili na ishirini, yaani saa nne na dakika ishirini usiku." Kuna wenzangu wanaopendelea "saa 4:20 usiku". Inaeleweka, lakini neno la mwisho ndilo linaloachwa mtu akiwa na haraka, na likiachwa tunarudi kwenye kitanda 7.

Mtego wa pili ni vitenzi. Kati ya "apewe" na "amepewa" kuna silabi moja na irabu moja, na mwandiko mbaya huzimeza. Kwa dawa iliyotolewa andika saa na kiasi, "18:20 gramu 5 imetolewa", na kwa inayodaiwa andika "ITOLEWE" kwa herufi kubwa pamoja na saa. Halafu kuna tofauti ambayo Kiswahili kinatupa bure na hatuitumii ipasavyo: "hajapewa" na "hakupewa". Hajapewa maana yake bado anadai, wewe unayepokea ndiye wa kumpa. Hakupewa maana yake muda umepita na kuna sababu, na sababu hiyo lazima ifuate palepale: "22:20 hakupewa, mkojo ml 95 kwa saa nne." Ukiona "hakupewa" isiyo na sababu, uliza kabla mwenzako hajavua sare.

"Daktari ameambiwa" nalo halitoshi. Ameambiwa na nani, saa ngapi, kuhusu nini, na amejibu nini? Aliyesema "nakuja" na aliyesema "endelea, nitamwona asubuhi" wote wameambiwa. Andika: "19:10 daktari wa zamu ameelezwa kwa simu presha 150/100, amesema ipimwe kila nusu saa, aitwe ikifika 160/110." Hivyo hivyo kwa dawa iliyokosekana. "Dawa hakuna" haisemi kama ndugu ametumwa duka la dawa, kama stoo wameulizwa, au kama dozi imepita.

Kuhusu "damu kidogo", "joto kiasi" na "anaendelea vizuri", badala yake weka kitu kinachohesabika. Pedi ngapi, zimelowa kiasi gani, tangu saa ngapi. "Vizuri" inaweza kubaki mwishoni kama namba zimeshatangulia. Na neno "msumbufu" lisiandikwe kabisa. Mama anayevua dripu na kutaka kushuka kitandani anaweza kuwa amepungukiwa oksijeni au yuko karibu kupata degedege. Andika alichofanya na saa.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika sahihi pembeni, weka saa na saini yako. Usipake rangi nyeupe. Dawa za kulevya zinazofungiwa kabatini, kama pethidini, zina rejista yake. Zihesabiwe na watu wawili na idadi ikae humo.

Basi uchague upi?

Kama wodi ina wagonjwa wachache wanaobadilika haraka, mfano chumba cha uangalizi maalumu chenye vitanda vinne, tumia fomu ya SBAR kwa kila mmoja. Muda upo, na kila mgonjwa anastahili.

Kama ni wodi ya kawaida ya vitanda 20 na zaidi yenye wauguzi wawili au watatu, nasema bila kusita: jedwali kwa wote, na SBAR kwa wale wachache ambao huwezi kwenda nyumbani ukalala bila kuwafikiria. Kwa kawaida huwa wawili au watatu, mara chache watano. Kwenye mstari wao wa jedwali andika tu "ona fomu". Simulizi ibaki kwa matukio, kwenye ukurasa wake, na isirudie yaliyo kwenye jedwali.

Kama huna fomu zilizochapwa wala karatasi za kutosha, usingoje. Kaunta buku, rula na vichwa vitano vya safu vinatosha kuanza leo usiku. Kama umeshazoea simulizi na mkuu wa wodi hataki kubadilisha, basi angalau malizia kila mgonjwa kwa mstari unaoanza na "Inadaiwa:" ukiwa na saa zenye tarakimu nne. Mstari huo mmoja ungenitosha jioni ile.

Na lolote utakaloandika, lisomwe kando ya kitanda, watu wawili mkiwa mmesimama pamoja. Anayepokea ashike mfuko wa mkojo, aangalie kanyula, alinganishe chati ya dawa na daftari, kisha arudie kwa kinywa chake kinachodaiwa kabla ya kutia saini. Mimi nilisoma kaunta buku nikiwa nimekaa mezani, na mfuko niliuona tayari sindano ikiwa mkononi.

Usiku ule mimi na yule dada tuliandika upya kitanda 7 kabla hajaenda, na basi likamwacha. Saa 22:20 mkojo tangu 18:20 ulikuwa mililita 95, haukufika 120. Nilimpigia daktari, akaja, akasema tusimamishe dozi na tupime kila saa. Kati ya 20:20 na 00:20 zilitoka 135, goti likawa linaitikia vizuri zaidi, akaruhusu. Asubuhi saa 07:30 nilimkabidhi kwa maneno haya, nayo ndiyo nakala ninayowapa wanafunzi:

> Tarehe 15. Kitanda 7, ona fomu. Dozi ya 22:20 hakupewa, mkojo ml 95 kwa saa nne, 22:40 daktari amesema isubiri. Gramu 5 imetolewa 00:20 kalio la kulia na 04:20 kalio la kushoto, vipimo vitatu vimefanywa kila mara. Mkojo 04:20 hadi 07:20 ml 140, mfuko umemwagwa 07:20. Majibu ya chembe sahani yamerudi, yako kwenye faili. Ya figo hayajarudi, maabara wameulizwa 06:50. ITOLEWE 08:20 kalio la kulia. Mwisho wa tiba leo 17:05.